Kunakili sentensi si kujibu

"Nikinakili sentensi yenye jibu jinsi ilivyo kwenye kifungu cha ufahamu, si ndiyo salama zaidi?"

Hapana. Tuseme kifungu kinasema: "Tarehe 27 Mei 2021 wakazi wengi wa Goma walielekea Sake, kwani ardhi ilikuwa bado inatetemeka na serikali ilihofia mlipuko mwingine wa volkano." Swali: Kwa nini waliondoka?

Ukinakili yote, tarehe na Sake zinaingia bila kuulizwa, na mwalimu hajui kama umeelewa. Pigia mstari kuanzia "kwani", funika kifungu, kisha andika: "Waliondoka kwa sababu matetemeko hayakuwa yamekoma, na wakuu waliogopa volkano italipuka tena." Funua, linganisha. Jibu likihitaji majina na tarehe, havibadilishwi. Ukiongeza habari ya gesi iliyo katika Ziwa Kivu, karibu na Goma, unayoijua wewe, umetoka nje ya kifungu.