Yai limekwama kwa kasuku mdogo: joto, kalsiamu na kisu

Shikamoo daktari. Lavubedi wangu jike ametaga mayai matatu, moja kila baada ya siku moja. La nne halijatoka. Tangu asubuhi yuko chini kwenye sakafu ya tundu, manyoya yametutumka, mkia unapanda na kushuka. Ni baridi tu?

Marahaba. Hiyo si baridi. Ndege mwenye ugonjwa mwingine naye hututumua manyoya, lakini huyu ana historia ya mayai, ameacha kijiti chake, na mkia unaocheza kwa kila pumzi maana yake anapumua kwa taabu. Yai linabana vifuko vya hewa tumboni. Mwangalie anavyosimama: akitanua miguu kama anayejikamua, au mguu mmoja ukilegea, yai limeshaanza kukandamiza mishipa ya fahamu inayopita nyuma yake. Tazama pia karatasi ya chini. Ikiwa haina kinyesi cha leo, njia imezibwa. Ndege wa gramu 50 hana akiba ya kungoja kesho.

Nimfanyie nini sasa hivi?

Joto kwanza. Tafuta boksi la katoni, tandika taulo, kisha weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa upande mmoja tu, ili akizidiwa ahamie upande wa pili. Lenga nyuzi 29 hadi 32, na weka kitambaa kibichi karibu ili hewa isikauke. Akipumua mdomo wazi na mabawa yakiwa mbali na mwili, umepitiliza. Usimweke karibu na jiko la mkaa. Moshi na gesi yake humuua ndege mapema kuliko yai.

Kama bado mchangamfu na anakaa kijitini, mpe saa moja au mbili za joto, giza na utulivu. Wako ameshashuka sakafuni, kwa hiyo boksi liwe la safari. Mpigie daktari ukiwa njiani.

Jirani anasema nimpake mafuta na kulikamua taratibu.

Hapana. Ganda likivunjika ndani, vipande hukata mrija wa mayai, na wakati mwingine mrija wenyewe hutoka nje ukiwa umeshika yai. Mafuta huishia kwenye manyoya, na ndege aliyelowa mafuta hawezi kutunza joto. Usimmiminie maji wala maziwa mdomoni pia, maana aliyechoka huyavutia mapafuni.

Kalsiamu inasaidiaje? Si ya kutengeneza ganda tu?

Ganda ni nusu ya habari. Msuli wa mrija unaolisukuma yai haukazi bila kalsiamu kwenye damu. Lavubedi anayekula ulezi na alizeti peke yake huchota kalsiamu mifupani kwa kila yai, na kufikia la tatu au la nne akiba imekwisha: yai linafika, msuli umelegea. Ndiyo maana mara nyingi linalokwama huwa na ganda laini.

Kliniki humpima uzito kwanza, halafu humchoma kalsiamu glukoneti. Kwa ndege wa gramu 50 dozi ya juu ni miligramu 5, yaani mililita 0.05 ya dawa ya asilimia 10, tone moja tu, tena hulichanganya na maji ya dawa kabla ya kuchoma. Hapo ndipo makosa ya kukadiria kwa jicho yanapoua. Huongezewa maji mwilini na dawa ya maumivu, kisha hurudishwa kwenye joto. Wengi hutaga katika saa chache zinazofuata.

Asipotaga?

Eksirei huonyesha yai liko wapi, ingawa lenye ganda laini huweza lisionekane vizuri, na hapo altrasaundi husaidia. Likiwa karibu na mlango, daktari humlaza kwa gesi ya usingizi, hulitoboa kwa sindano, huvuta ute na kiini, na ganda hunywea na kutoka, hapo hapo au siku zinazofuata.

Upasuaji unabaki kwa yai lililoshikamana na mrija, lililopasukia tumboni, mrija uliochanika, au jike anayekwama kila msimu. Kwa huyo wa mwisho hutolewa mrija mzima. Daktari anayetibu ng'ombe na mbwa pekee anaweza kukosa vifaa vya kumlaza ndege wa gramu 50, na akikuandikia rufaa baada ya kumchoma kalsiamu na kumpasha joto, amefanya vizuri. Muulize tu: "Umewahi kumlaza ndege mdogo hivi?"

Akipona, nifanyeje asirudie?

Mwekee mfupa mweupe wa dome, ule unaookotwa ufukweni, uoshe na uukaushe juani. Mpe sukuma wiki. Jua la asubuhi lisipite kwenye kioo, kwa sababu kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini D. Funika tundu mapema jioni. Mayai matatu aliyotaga usiyaondoe mpaka achoke mwenyewe kuyalalia, ndipo utoe na kiota. Ukiyachukua, atataga mengine kuyafidia.