Mtoto wa kilo 8, jentamaisini na ampisilini: hesabu inapopotokea

Juni na Julai huku Mbeya na Makete mtoto huletwa wodini amevalishwa sweta, kofia na kufungwa shuka zito. Ukimpima hivyo hivyo mizani inaweza kusoma 8.7, mvue, inasoma 8.0. Kwa jentamaisini ya miligramu 7.5 kwa kilo, utakuwa umeandika 65 badala ya 60, na dawa hii ikizidi huumiza figo na masikio. Kwa hiyo mvue, mpime, mfunike upesi.

Tuseme ana miezi 9, kilo 8, ana nimonia kali, na ameandikiwa jentamaisini na ampisilini.

Jentamaisini hutolewa mara moja kwa siku: 7.5 × 8 = miligramu 60. Ampuli imeandikwa 80 mg/2 mL, basi:

60 ÷ 80 × 2 = 1.5 mL

Wanafunzi wengi huishia kwenye 60 ÷ 80, wakapata 0.75, wakavuta mililita 0.75. Hiyo ni nusu ya dozi. Kabla ya kuvuta, jiulize: nahitaji kiasi gani cha ampuli hii? Miligramu 60 ni robo tatu ya 80, kwa hiyo sirinji lazima ibebe robo tatu ya mililita 2. Halafu soma ampuli yenyewe, kwa sababu ipo pia ya 20 mg/2 mL. Ukivuta 1.5 mL ya hiyo, mtoto anapata miligramu 15 tu.

Ampisilini ina mtego mwingine. Ni miligramu 50 kwa kilo kila baada ya saa 6, lakini vitabu vingine huandika jumla ya siku, yaani 200 kwa kilo kwa siku kwa mafungu manne. Mwenye haraka huzidisha 200 × 8, akatoa 1,600 kila mara. Dozi moja ni 50 × 8 = miligramu 400. Ukiona neno "kwa siku", tafuta kwanza imegawanywa mara ngapi.

Sasa kichupa cha unga cha miligramu 500, hapa ndipo hata wazuri wa hesabu hukwama. Kwa sindano ya msuli unaweka maji ya sindano mililita 2.1, lakini dawa ikiyeyuka unapata mililita 2.5, kwa sababu unga nao unachukua nafasi. Hesabu hutumia ujazo wa mwisho:

400 ÷ 500 × 2.5 = 2 mL

Aliyetumia 2.1 anavuta karibu 1.7 mL, sawa na miligramu 340 hivi, na hakuna atakayeona kosa kwa kutazama sirinji. Kichupa cha gramu 1 au cha mtengenezaji mwingine kina kiasi chake cha maji. Soma karatasi yake kabla ya kuchanganya.