Kepsheni ya pakeji: maneno ya chini ya picha ya besdei

Kepsheni ni maneno yanayowekwa chini ya picha. Kwetu sisi wapambaji wa sherehe za watoto maana hiyo haitoshi, kwa kuwa picha yetu ni bidhaa iliyowekwa mezani. Mama aliyeko Igoma, hapa Mwanza, anaiona kwenye simu, anamtia mwanawe ndani ya picha ile kichwani mwake, na hapohapo anaanza kuhesabu pesa. Kepsheni ya pakeji ndiyo inayomwambia kile asichoweza kukiona: sherehe hii ilikuwa ya watoto wangapi na wa umri gani, ilifanyika wapi, na katika vyote vinavyoonekana hapa, pesa iliyotajwa inalipia kipi na hailipii kipi.

Nichukue picha moja niliyopiga mwenyewe. Ufukweni upande wa Bwiru, chini ya mwembe, kuna meza ndefu yenye kitambaa cha buluu, mitumbwi midogo ya maboksi yenye matanga meupe, maputo ya buluu na meupe yaliyofungwa upinde, keki yenye umbo la sato, na nyuma kabisa kasri la upepo la kurukia. Mtoto alikuwa anatimiza miaka 5. Chini yake niliandika: "Kapteni wetu ametimiza miaka 5, Mungu ni mwema. Bei njoo inboksi."

Walikuja wengi inboksi, na karibu wote waliuliza neno moja: bei? Nikawajibu 480,000. Mmoja wao akasema sawa, akatuma advansi. Siku tatu kabla ya sherehe ndipo nikajua kwamba ana watoto 35, sherehe iko nyumbani kwake juu mlimani kwenye mawe, mwenye besdei anatimiza mwaka 1, na anatarajia nije na keki ya sato. Mama yule hakunidanganya hata kidogo. Aliisoma picha, kwa sababu maneno sikuwa nimempa.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Pakeji ina gharama za aina mbili, na picha haizitenganishi. Zipo zisizojali idadi ya watoto. Katika sherehe ile mapambo yalikuwa 180,000, emsii na spika kwa saa 3 vilikuwa 80,000, gari 30,000, na kazi yangu na ya vijana wawili 50,000. Jumla 340,000, aje mtoto mmoja au waje ishirini. Halafu zipo zinazokwenda kwa kichwa: sahani ya chakula na juisi 5,000, kiti na nafasi ya meza 500, kimfuko cha zawadi 1,500. Hiyo ni 7,000 kwa mtoto, mara 20 ni 140,000. Ndiyo ikapatikana 480,000.

Mteja asiyejua hilo hugawanya 480,000 kwa 20, anapata 24,000. Kisha anakuja na hoja nzuri tu: "Dada, mimi nina watoto 10, kwa hiyo ni 240,000." Ukimjibu kwamba ni 410,000 anaona unamwibia, wakati umemwondolea watoto 10 kwa 7,000 kila mmoja na hakuna kingine cha kuondoa. Ukuta wa mapambo haupungui upana kwa sababu wageni wamepungua. Na kinyume chake, mwenye watoto 35 huogopa bure. Mimi hutoza 8,000 kwa kila mtoto anayezidi, kwa kuwa wa ziada huongezeka dakika za mwisho na huleta mbio, hivyo wake wangefika 600,000 na si 840,000 kama alivyopigia hesabu ya kugawanya. Kwa hiyo namba moja chini ya picha haitoshi. Zinahitajika tatu: bei, idadi ya watoto iliyomo kwenye bei hiyo, na bei ya mtoto wa ziada. "Kuanzia 480,000" nimeacha kuiandika. Mtu husoma namba, "kuanzia" huiruka.

Baada ya hapo vinatajwa vilivyomo kwenye picha ambavyo havimo kwenye pakeji. Keki niliipokea kutoka kwa mwokaji, mama wa mtoto alimlipa mwenyewe. Kasri la kurukia lilikodiwa kwa malipo ya peke yake. Eneo lilikuwa na kiingilio chake. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyopendezesha picha, na ndivyo mtu anavyovitaka kwanza. Kuvikata picha ibaki na vyangu tu nimewahi kujaribu, ikawa picha ya meza. Afadhali viachwe, na kepsheni iseme wazi: keki, kasri na kiingilio havimo.

Suala la mahali ni refu kidogo kwa sisi wa Mwanza, kwa sababu ziwa na mawe vyote vina maoni yao. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuta kutoka ziwani kuja kwetu. Asubuhi huwa na utulivu kiasi, lakini kuanzia adhuhuri upepo hukua, na ukuta wa mapambo uliosimamishwa kwenye fremu ya bomba huwa tanga halisi. Nimeuona ukianguka kwenye meza ya keki, mishumaa haijawashwa. Sherehe ya kwenye picha ilianza saa 4 asubuhi, na mwanga ule laini mtu akiuangalia anadhani ni wa jioni. Ndiyo maana saa huandikwa. Anayetaka ufukweni saa 10 alasiri atapata mapambo ya chini, bila ukuta, na bora alijue hilo kabla ya advansi.

Kasri la upepo lina shida ya kwake. Linatakiwa lifungwe ardhini kwa vigingi, na viwango vya Ulaya vya vifaa hivi husema lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Hapa kwetu unapiga kigingi, sentimita chache tu chuma kinalia, umegonga jabali. Basi hufungwa kwa mifuko mizito ya mchanga, na kama mwenye kasri hana mifuko hiyo, mimi siliruhusu lipandwe. Dalili ya mapema ni kona: ukiona kona ya upande wa ziwa inanyanyuka watoto wakiwa ndani, washushwe kwanza, maswali baadaye.

Neno "ufukweni" nalo lisiachwe peke yake. Mzazi husoma "watoto wataogelea". Ziwa letu lina kichocho, hasa kwenye maji ya pembeni yaliyotulia yenye majani, ambako konokono wake hukaa, na mtoto hahitaji kuyanywa ili aupate, kuyakanyaga kunatosha. Hivyo kepsheni yangu huongeza maneno manne: michezo ya majini haimo.

Nyumbani ni rahisi kwa mwenye uwanja wa Nyegezi au Buzuruga. Kwa mwenye nyumba juu kwenye mawe, gari huishia barabarani, na viti 35, meza na spika hupandishwa kwa mabega. Hiyo ni pesa ya vibarua, haimo kwenye zile 30,000 za gari. Kwa hiyo naandika: bei ni kwa eneo ambalo gari linafika. Ukumbini hakuna upepo wala mvua, sentensi imeisha, ila kumbi nyingi hutoza kwa saa na muda wa kupamba nao huhesabiwa.

Sasa umri. Wengi huandika umri wa mwenye besdei, na hapo hupotea, kwa kuwa pakeji hupangwa kwa umri wa wageni. Besdei ya mwaka 1 ni sherehe ya wakubwa. Mwenyewe hulala katikati ya shughuli, na wanaocheza ni binamu wa miaka 3 mpaka 12 waliokuja na shangazi zao. Yule mama wa mlimani alihitaji viti vya watu wazima zaidi ya vile vidogo. Picha ya mtoto wa miaka 5 haiwezi kumwambia hivyo. Mimi huandika "michezo ya watoto wa miaka 4 hadi 7", kwa sababu emsii wa umri huo hukimbiza magunia na viti vya muziki, na ukimpa watoto wa miaka 11 watakaa pembeni na simu za mama zao.

Wageni walio chini ya miaka 4 wana jambo moja la kuangaliwa zaidi ya yote, nalo ni puto lililopasuka. Kipande cha mpira wake kikivutwa kooni huziba njia ya hewa kama kizibo, na maonyo ya kwenye paketi za maputo hutaja watoto wote walio chini ya miaka 8. Na jua la saa 7 hupasua maputo yenyewe kwa yenyewe, ya rangi nzito kwanza. Kwa wageni wadogo naweka upinde juu, mbali na mikono, na kijana mmoja kazi yake ni kuokota vipande tu. Hilo hubadilisha mapambo, kwa hiyo hubadilisha picha. Mwenye watoto wa miaka 2 asiahidiwe maputo ya sakafuni kwa sababu aliyaona kwenye picha ya watoto wakubwa.

Kuhusu themu, sitasema mengi. Iandike kwa vitu na rangi: "themu ya ziwa, mitumbwi, buluu na nyeupe". "Themu ya kipekee" haimsaidii mtu kuagiza. Jina la mtoto na shule yake siviandiki, na picha yenyewe haitoki kabla mzazi hajakubali.

Instagram huruhusu herufi 2,200, lakini msomaji huonyeshwa mistari ya mwanzo tu mpaka abonyeze. Kwa hiyo namba hukaa juu, Mungu ni mwema hukaa chini. Kepsheni ya picha ile sasa inasomeka hivi:

"Themu ya ziwa, watoto 20, muda wa saa 3: 480,000. Mtoto wa ziada 8,000. Michezo ya miaka 4 hadi 7.
Ndani: ukuta na upinde wa maputo, meza na viti vya watoto, chakula na juisi, emsii na spika, vimfuko vya zawadi, usafiri ndani ya jiji gari linapofika.
Havimo: keki, kasri la kurukia, kiingilio cha eneo. Michezo ya majini haimo.
Hapa ni ufukweni Bwiru, tulianza saa 4 asubuhi. Alasiri ufukweni hatuweki ukuta kwa sababu ya upepo.
Wageni wako wana miaka mingapi? Tuambie, tukupangie. Bei hii ni mpaka Desemba 31.
Hongera kapteni, Mungu ni mwema."

Tarehe ile ya mwisho niliiongeza baada ya kuletewa picha ya miaka miwili nyuma na bei yake ya zamani. Limebaki tatizo moja: kwenye magrupu ya WhatsApp picha husafiri peke yake, watu wameikata maneno yote. Kwa hiyo kona ya chini ya picha yenyewe, juu ya kitambaa cha buluu, sasa naandika kwa herufi nyeupe: watoto 20, bila keki.