Barua pepe ya kuomba mali kauli: tarehe inatoka wapi?

Kwa miaka saba nimesoma maombi ya mali kauli, yaani bidhaa za kuchukua sasa na kulipia baadaye, kwenye duka la jumla hapa Kariakoo. Wenye maduka wengi hujieleza vizuri, kisha wanaandika "nitalipa mwisho wa mwezi" bila kuonyesha pesa itapatikanaje. Hapo ndipo ombi linapokwama, kwa sababu tarehe ya kulipa inatakiwa itoke kwenye mauzo ya bidhaa ileile unayoiomba.

Chukulia mama mwenye duka Mbagala anayetaka sukari. Barua yake ingekaa hivi:

"Kichwa: Ombi la mali kauli, mifuko 10 ya sukari, kulipa Ijumaa 26 Juni 2026

Mheshimiwa Meneja, salaam.

Naomba mifuko 10 ya sukari ya kilo 50, kwa shilingi 130,000 kila mmoja, jumla 1,300,000, niichukue Jumatatu 1 Juni. Machi niliuza mifuko 21, Aprili 15, Mei 15. Kwenu nilinunua 8 kwa mwezi, kwa fedha taslimu. Iliyobaki niliichukua duka la jirani siku nilizokosa nauli ya gari. Risiti na daftari la mauzo nimeambatanisha. Nitalipa zote Ijumaa 26 Juni kwa benki."

Nikiipata barua hii, kwanza nafungua leja yetu. Nikikuta kweli mifuko 8, namwamini hata kwa ile ambayo siioni. Angeandika 15 yote kwetu, ningeishia hapo. Ndiyo maana ile sentensi ya duka la jirani, ambayo wengi wangeificha, ina thamani kubwa.

Pili naangalia Machi. Mwaka huu sehemu kubwa ya mwezi huo ilikuwa Ramadhani, na sukari ilitoka kwa kasi. Mwenye kupiga hesabu kwa mifuko 21 atajipa kama siku 15 tu, na Juni itamuumbua. Mama huyu ametumia kasi ya Aprili na Mei: mfuko mmoja kila siku mbili, kwa hiyo mifuko 10 inaisha siku 20, yaani tarehe 20 Juni. Siku sita zilizobaki ni za wateja wake wanaokopa na kulipa wakipata mshahara.

Kinachoharibu zaidi ni pesa ya sukari kuingia droo moja na ya sabuni na unga. Duka linaonekana limejaa, lakini deni halina pesa. Kila jioni atenge 65,000, nusu ya bei ya mfuko, kwenye akaunti ya peke yake. Ikifika tarehe 10 Juni na hajafikisha 650,000, aniandikie siku hiyohiyo. Bado ninaweza kumgawia malipo mara mbili. Tarehe 27 ninakuwa nimeshamfungia mali kauli.