Hadhira ya mfanano: kuijenga kwa orodha ya wateja na kujua kama inashinda mapendeleo

Ukitangaza kwa kulenga mapendeleo, unabashiri. Muuza vyerehani, kwa mfano, anachagua watu wanaopenda ushonaji na kutumaini kwamba miongoni mwao wamo wanunuzi. Hadhira ya mfanano haikudai ubashiri huo. Unaupa mtandao orodha ya watu waliokwisha kununua, nao unatafuta wengine ambao mienendo yao inashabihiana na yao. Kwenye Meta, yaani Facebook na Instagram, utaikuta kwa jina la Lookalike.

Ujenzi wake si mgumu. Unapakia faili la CSV lenye barua pepe na namba za simu, namba zikiwa na msimbo wa nchi. Taarifa hizo hufumbwa kwa njia iitwayo SHA-256 ili zisisomeke, kisha hulinganishwa na akaunti zilizopo. Wanaopatikana ndio wanaokuwa mbegu, na Meta inataka wasiopungua 100 kutoka nchi moja. Baada ya hapo unachagua upana, kuanzia asilimia 1 hadi 10 ya watu wa nchi unayoilenga. Asilimia 1 ndiyo inayofanana zaidi na mbegu. Kadiri unavyopanua, ndivyo mfanano unavyofifia.

Ubora wa mbegu una uzito kuliko wingi wake. Tuseme muuza vyerehani ana majina 4,000, lakini mengi ni ya watu walionunua mara moja tu wakati wa punguzo la bei. Akiyapakia yote, atatafutiwa wawindaji wa punguzo. Ningemshauri achukue 1,200 walionunua zaidi ya mara moja katika miezi 12 iliyopita, hata kama orodha fupi inatia wasiwasi.

Sasa, je, hadhira hiyo inashinda mapendeleo? Wengi hulinganisha matangazo ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, na hapo jibu limekwisha kuharibika, kwa sababu msimu na bei vimebadilika. Tumia jaribio la A/B, ambalo hugawa watu kwa bahati nasibu ili mtu mmoja asihesabiwe pande zote mbili. Tangazo liwe lilelile, bajeti sawa, siku zilezile, na wateja wa zamani waondolewe kote kuwili. Kagua pia mipangilio: kwa malengo kama mauzo, Meta inaweza kuvuka mipaka ya hadhira uliyoichagua, na hapo makundi mawili uliyodhani ni tofauti yanaanza kukaribiana.

Muuzaji wetu anaanza jaribio na kuchungulia matokeo baada ya wiki mbili. Upande wa mfanano unaleta mauzo 75, mapendeleo 60. Inaonekana ni ushindi, lakini bado haujathibitika. Kwa kuwa fedha zilizotumika ni sawa, kuna kipimo chepesi: jumlisha mauzo ya pande zote, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2. Tofauti ikiwa ndogo kuliko jibu hilo, huenda ni bahati tu. Hapa jumla ni 135, kipeuo chake ni karibu 11.6, mara mbili ni 23. Tofauti ni 15, haifiki.

Muda aliopanga tangu mwanzo ulikuwa wiki sita, kwa hiyo anaendelea hadi mwisho na kupata 225 dhidi ya 180. Jumla ni 405, kipimo ni karibu 40, na tofauti ni 45. Hapa wengi husimama na kuhamishia bajeti yote kwenye mfanano.

Mimi ningemwomba kwanza afungue daftari lake la mauzo, kwa sababu kuna mtego mmoja unaoupendelea mfanano peke yake. Kuwaondoa wateja wa zamani kunafanya kazi kwa wale tu ambao taarifa zao zilioana na akaunti. Aliyetoa dukani namba tofauti na ile ya akaunti yake hakuondolewa. Na mtu huyo, kwa kuwa ni mteja kweli, anafanana na mbegu kuliko yeyote! Mtandao utamfikia mapema, atanunua kama ambavyo angenunua bila tangazo, na sifa zitakwenda kwa hadhira ya mfanano.

Anapolinganisha majina na anwani za kupelekea mizigo, anakuta 40 kati ya wale 225 ni wateja wa zamani. Upande wa mapendeleo wako 12. Wateja wapya wanabaki 185 dhidi ya 168. Tofauti sasa ni 17, wakati kipimo ni karibu 38.

Jaribio hili, basi, halikuonyesha kwamba mfanano unaleta wateja wapya kwa gharama nafuu kuliko mapendeleo. Anaweza kuendelea na zote mbili, lakini kabla ya jaribio lijalo aongeze barua pepe na namba za ziada za kila mteja kwenye orodha ya kuwaondoa, ili wateja wa zamani wanaopenya wapungue.