Kuyeyusha magugu maji kwa sheda: kizingiti, ukingo unaong'aa, na ncha mbili zinazosahaulika

Katika gemu ninayoitengeneza hapa Kisumu, mchezaji huendesha boti kwenye Ghuba ya Winam na kufungua njia katikati ya magugu maji. Kila fungu la magugu analoligusa huyeyuka taratibu, huku ukingo wake ukiwaka rangi ya chungwa. Nimeijenga athari hiyo katika Shader Graph ya Unity, kwa URP, na ningependa kueleza hasa jinsi ya kuifanya ianze na kumalizika vizuri, kwa kuwa hapo ndipo grafu nyingi nilizozikagua huwa na kasoro.

Msingi wake ni ulinganisho mmoja tu. Nodi ya Gradient Noise huipa kila pikseli namba yake ya nasibu, ambayo nitaiita `n`. Kisha tunachagua kizingiti `a`, na pikseli yoyote ambayo `n` yake iko chini ya kizingiti hicho haichorwi. Katika Graph Settings, washa Alpha Clipping, uunganishe `n` kwenye Alpha na `a` kwenye Alpha Clip Threshold. Acha Surface Type ikiwa Opaque, kwa maana pikseli hapa ama ipo ama haipo, na hivyo huna haja ya kuhangaika na mpangilio wa vitu vinavyoonyesha vilivyo nyuma yao.

Ukingo hupatikana kwa kuuliza swali lile lile mara ya pili, safari hii kizingiti kikiwa kimepandishwa kwa upana `w`:

```
clip(n - a);
mask = step(n, a + w);
```

Pikseli iliyonusurika kwenye mstari wa kwanza lakini ikapata 1 kwenye wa pili ndiyo ya ukingo. Katika nodi ya Step, `n` huingia kwenye Edge na `a + w` kwenye In. Ukivigeuza, fungu zima litawaka na ukingo ubaki na rangi ya kawaida ya jani. Zidisha `mask` kwa rangi ya aina ya HDR na upeleke matokeo kwenye Emission. Vilevile, pitisha `mask` kwenye One Minus na uizidishe na Base Color, la sivyo kijani cha majani kitajumlishwa na rangi ya chungwa na moto wako utaelekea umanjano.

Sasa tuzitazame ncha. Thamani za Gradient Noise hujazana karibu na 0.5, kwa hiyo ukiisogeza Amount, yaani sifa ya Material inayoilisha `a`, kutoka 0 hadi 1 utaona kwamba mwanzoni hakuna kinachotokea, kisha karibu kila kitu kinatoweka kwa pamoja katikati. Mimi huweka Remap inayotanua 0.2 hadi 0.8 iwe 0 hadi 1, kisha Saturate, ili `n` isitoke kamwe nje ya mipaka hiyo. Lakini utanuzi huo huleta tatizo jipya: `w` ikiwa 0.05, Amount ikiwa 0, pikseli zote zenye `n` isiyozidi 0.05 tayari zinawaka, na fungu ambalo halijaguswa linaonekana lina madoa ya moto. Upande wa pili, Amount ikifika 1, pikseli zenye `n` sawa na 1 hazikatwi, na vipande vidogo hubaki vikielea juu ya maji.

Tiba ya yote mawili ni Remap nyingine, juu ya Amount yenyewe, inayoipeleka 0 hadi 1 kwenye -0.06 hadi 1.01. Mwanzoni `a + w` ni -0.01, kwa hiyo hakuna pikseli inayowaka. Mwishoni hata 1 iko chini ya kizingiti. Amount ikiwa 0.5, `a` inakuwa 0.475: kilicho chini yake kimetoweka, kilicho kati ya 0.475 na 0.525 kinawaka, na kilichobaki ni jani la kawaida. Ukingo hautakuwa na upana sawa kila mahali, kwa kuwa pale noizi inapobadilika polepole utepe hupanuka, na inapobadilika ghafla hubana. Mimi huiacha hali hiyo makusudi, kwani ndiyo inayoufanya ukingo uonekane unaungua.

Rangi ikionekana lakini isitoe mng'ao, sheda haina kosa. Hakikisha HDR imewashwa kwenye URP Asset, Post Processing kwenye kamera, na Bloom iwe na Intensity inayozidi 0. Kumbuka pia kwamba Intensity ya 3 katika kichagua rangi cha HDR huizidisha rangi kwa 8, si kwa 3.

Kwenye simu za bei nafuu, ambazo ndizo wachezaji wengi wa hapa wanazo, kukata pikseli huidhoofisha mbinu ya chipu ya kuruka mapema pikseli zilizofunikwa. Kwa sababu hiyo, mafungu ambayo hayajaguswa huyapa Material isiyo na Alpha Clipping, na kuibadilisha pale tu Amount inapoanza kupanda. Nayo Gradient Noise huibadilisha kwa picha ndogo ya kijivu iliyotayarishwa mapema, ili simu isome namba badala ya kuikokotoa kwa kila pikseli.