Uchakavu hauna nafasi kwenye mlinganisho wa kodi

Wakati wa kufunga hesabu, wahasibu wa viwanda vya mbao huku Mafinga huniletea majedwali yao ya kodi niyapitie. Mstari ninaoukuta mara nyingi, na ambao haukupaswa kuwepo, ni ule wa tofauti ya uchakavu.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa kodi ya mapato, IAS 12, kinaitaka kampuni ieleze kwa nini kodi iliyotajwa kwenye taarifa ya mapato hailingani na faida ya kabla ya kodi ikizidishwa kwa kiwango cha kisheria, ambacho kwa kampuni nyingi Tanzania ni 30%. Tuchukue kiwanda cha mfano chenye faida ya shilingi milioni 400. Kwa kiwango hicho tungetarajia kodi ya milioni 120, lakini hesabu zinaonyesha milioni 141, yaani 35.25%. Hiyo milioni 21 imetoka wapi?

Kiwanda kililipa faini za milioni 20 kwa kuvunja sheria, na milioni 20 nyingine zilikuwa matumizi ya nyumbani ya mkurugenzi. Sheria ya kodi ya mapato haikubali kuyatoa yote mawili, wala hayatakubalika mwaka mwingine wowote. Kila moja linaongeza kodi milioni 6.

Milioni 9 zilizobaki ni kodi ya mwaka uliopita iliyokadiriwa pungufu. Hii huingia nzima. Nimeona watu wakiizidisha kwa 30%, kisha wanashangaa jedwali halifungi. Kiasi hicho tayari ni kodi.

Sasa uchakavu. Vitabu vina milioni 60 za mashine za kupasulia mbao, ila kikodi kiwanda kinaruhusiwa milioni 110. Kodi ya mwaka huu inashuka kwa milioni 15, lakini kodi iliyoahirishwa inapanda kwa kiasi kilekile, kwa sababu miaka ijayo unafuu huo utakuwa umekwisha. Kodi ya mwaka ni milioni 117, ya mwaka uliopita 9, iliyoahirishwa 15: jumla 141. Tofauti ya muda imejifuta yenyewe ndani ya jumla hiyo.

Kwa hiyo nikiona mstari wa uchakavu, kwanza naangalia jumla iliyotumika. Mara nyingi mhasibu amechukua 117 na 9 tu, akapata 31.5%, akaacha kodi iliyoahirishwa nje. Ndipo anapohitaji kutoa milioni 15 ili jedwali lifunge.

Kuna hali moja ambapo tofauti ya muda huonekana kwa haki. Kampuni ikiwa na hasara za nyuma na haitarajii faida ya kuzitumia, haiandiki mali ya kodi iliyoahirishwa, na athari yake lazima ipewe mstari wake. Hapo namwomba mhasibu anionyeshe makadirio ya faida ya miaka ijayo kabla sijaukubali.

Mstari wa “nyinginezo” siusaini mpaka nijue kilichomo, hata ukiwa mdogo. Faini ya milioni 20 na kosa la milioni 6 kwenye kodi iliyoahirishwa vinaweza kukaa humo kwa alama tofauti, na jumla ikasomeka sifuri.